Kwa nini mtoto wa mwalimu humpita mtoto wa mkulima mwenye mali?

Msikilizaji wetu mmoja wa Mollo alitupigia simu asubuhi, kipindi kikiwa hewani. Ni mkulima wa mahindi na alizeti, mwenye ng'ombe wa kulimia na nyumba ya bati. Alisema hivi: "Mtangazaji, mimi sina shida ya chakula wala ya daftari. Binti yangu alifaulu vizuri darasa la saba. Mtoto wa mwalimu, jirani yangu, walikuwa wanapishana naye nafasi moja tu. Sasa wako kidato cha pili. Wa mwalimu yuko juu, wangu ameshindwa upimaji na anatakiwa kurudia mwaka. Mwalimu mwenyewe huja kwangu kukopa debe la mahindi. Niambieni, nimrudishe shuleni au akubali tu kwamba kichwa chake ni cha jembe?"

Swali hilo hatukuweza kulijibu kwa dakika mbili za simu, kwa hiyo tunalijibu hapa kwa maandishi. Tumelichagua kwa sababu limebeba jambo ambalo wataalamu wa elimu wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 60. Ingekuwa ni umaskini wa fedha peke yake, mtoto wa mkulima huyu ndiye angekuwa mbele. Wote wawili wanasoma shule moja, darasa moja, kwa walimu walewale. Tofauti iko mahali pengine, na ina jina: mtaji wa kiutamaduni.

Mtaji usiohesabika kwa magunia

Aliyelitunga wazo hilo ni Mfaransa, Pierre Bourdieu, jina ambalo hutamkwa karibu na "Burdye". Alizaliwa mwaka 1930 katika kijiji cha Denguin, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alitoka katika ukoo wa wakulima wadogo, kisha akawa mfanyakazi wa posta kijijini. Kule kwao watu walizungumza lugha yao ya kienyeji, nayo shule ilidai Kifaransa cha mjini. Kwa hiyo alichokuja kukiandika baadaye alikuwa amekiishi.

Mwaka 1964, yeye na mwenzake Jean-Claude Passeron walitoa kitabu kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ufaransa, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Warithi". Walionyesha kwamba mtoto wa afisa wa ngazi ya juu alikuwa na nafasi ya kuingia chuo kikuu mara 80 zaidi ya mtoto wa kibarua wa shambani. Ilhali masomo ya chuo kikuu cha serikali kule yalikuwa karibu bure. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, lakini walioingia walikuwa ni walewale.

Bourdieu alisema kwamba kila familia ina mitaji zaidi ya mmoja. Upo mtaji wa mali, kama ng'ombe, shamba na fedha. Upo pia mtaji wa utamaduni, yaani ujuzi, lugha, mazoea na vyeti ambavyo shule na ofisi huvithamini. Mtaji huu alisema unakaa mahali patatu.

Kwanza unakaa ndani ya mtu mwenyewe: namna anavyozungumza, anavyoeleza jambo, anavyokaa na kitabu kwa saa nzima bila kuona ni adhabu. Pili unakaa katika vitu, kama kamusi, vitabu na magazeti ndani ya nyumba. Tatu unakaa katika vyeti, ambavyo ni ujuzi uliogongwa mhuri.

Hapa ndipo jibu la mkulima wetu linapoanzia. Vitu unaweza kuvinunua kwa fedha ya mahindi. Unaweza kushuka Sumbawanga mjini kesho ukarudi na kamusi nene kuliko ya mwalimu. Lakini kamusi haifanyi kazi mpaka awepo mtu nyumbani aliyezoea kuifungua. Na ule mtaji wa kwanza, ulio ndani ya mtu, hauuzwi dukani kabisa. Ng'ombe unaweza kumkabidhi mwanao siku moja mbele ya wazee, na jioni hiyohiyo ni wake. Msamiati na mazoea ya kueleza mambo humwingia mtoto kidogokidogo kwa miaka, kwa kusikia na kujibu, bila mtu kutangaza kwamba anafundishwa. Kwa kuwa hakuna aliyeona mtoto akipewa, akifika shuleni watu husema amezaliwa na akili.

Mboji ya intumba na swali la Baiolojia

Tutoe mfano. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini vitu vyake vyote mnavijua.

Wanafunzi wawili wa kidato cha pili wanaulizwa katika mtihani wa Baiolojia: eleza faida tatu za mboji katika udongo. Swali limeandikwa kwa Kiingereza na linatakiwa kujibiwa kwa Kiingereza.

Binti wa mkulima ameshika jembe tangu akiwa mdogo. Amemsaidia bibi yake kutengeneza intumba, yale matuta ya mviringo ya Wafipa ambamo nyasi hufunikwa kwa udongo zioze. Anajua kwamba tuta likivunjwa msimu unaofuata, udongo wake ni mweusi, ni laini, unashika maji, na ulezi hustawi hapo kuliko pembeni. Hizo ndizo faida zenyewe anazoulizwa. Lakini neno la Kiingereza la mboji halijui, na lile la rutuba analikumbuka nusu. Anaandika sentensi moja iliyokatika katikati. Anapata alama moja kati ya sita.

Mtoto wa mwalimu hajawahi kutengeneza intumba hata moja. Lakini amesikia nyumbani wazazi wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, ameona baba akisahihisha madaftari, na anajua kwamba swali likisema "eleza" halitaki orodha ya maneno bali sentensi yenye sababu. Anaandika sentensi tatu safi. Anapata tano kati ya sita.

Nani kati yao anaijua mboji? Karatasi ya mtihani inasema ni wa pili. Mtihani haukuwa na upendeleo wa wazi, na mwalimu aliyesahihisha hakuangalia ukoo. Alisahihisha kwa haki kile kilichoandikwa. Lakini pamoja na mboji, mtihani ulipima kitu cha pili ambacho shule haikukifundisha vya kutosha, na kitu hicho mmoja alikuja nacho kutoka nyumbani.

Hiyo ndiyo nadharia ya pili, ile ya uzalishaji upya. Bourdieu na Passeron waliieleza katika kitabu cha mwaka 1970. Kwa ufupi inasema hivi: shule hudai kutoka kwa wote kitu ambacho haiwapi wote. Waliokipata nyumbani hufaulu, hupewa vyeti, hupata kazi, na watoto wao nao huzaliwa katika nyumba zenye kitu hicho. Waliokikosa hushindwa, hurudi walikotoka, na watoto wao huanza palepale. Jamii inajizalisha upya, kizazi hadi kizazi. Na kwa kuwa mambo yote yamepita kwenye mtihani, aliyeshinda anaamini ameshinda kwa akili zake tu, na aliyeshindwa anaamini kichwa chake ni cha jembe. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyotugusa tuliposikia simu ile, kwa sababu maneno ya baba yule yalikuwa karibu yaleyale.

Picha za vyakula za London

Kuna mtu anaweza kusema: basi watoto wa shamba wanafikiri tofauti, au hawawezi kufikiri kwa namna ya kishule. Jambo hilo lilichunguzwa Uingereza na wanafunzi wa profesa Basil Bernstein wa London, na matokeo yake yanafaa kusimuliwa.

Watoto wadogo wa umri wa miaka saba hivi walipewa picha za vyakula na kuambiwa wapange pamoja vile wanavyoona vinakwenda pamoja, kisha waeleze kwa nini. Watoto wengi wa vibarua na wafanyakazi wa viwandani walipanga kufuata maisha yao: hivi tunakula asubuhi, hivi mama hupika pamoja. Watoto wengi wa wasomi walipanga kufuata aina: hivi vyote vinatoka baharini, hivi vyote ni mboga. Ni kama mtoto wa Mollo aweke ugali wa ulezi pamoja na migebuka kwa sababu huliwa sahani moja, na mwingine atenge migebuka na maziwa kwa sababu vyote vina protini.

Kisha wakaambiwa wapange mara ya pili kwa namna nyingine. Sasa watoto wengi wa wasomi wakapanga kwa maisha ya nyumbani, kama wenzao walivyofanya mwanzo. Kumbe namna ile waliijua pia. Tofauti ni kwamba tangu mwanzo walihisi mtu mzima mwenye picha mkononi anataka jibu la aina gani. Walijua kwamba mbele ya mwalimu jibu la nyumbani huwekwa pembeni, ingawa swali halikusema hivyo.

Kwa hiyo kinachotofautisha si uwezo wa kufikiri. Ni kuijua kanuni ambayo haikutamkwa. Na kanuni isiyotamkwa ina dawa nyepesi kuliko ukosefu wa akili: inaweza kutamkwa.

Kidato cha kwanza, mahali daraja linapokatika

Hapa kwetu kanuni kubwa isiyotamkwa ni lugha. Mtoto wa Ufipa wa kijijini mara nyingi huanza na Kifipa nyumbani. Darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, na kwa miaka saba anasoma hesabu na sayansi kwa lugha hiyo. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, baada ya kozi ya awali ya majuma machache tu.

Tatizo hili si jipya, wala serikali haikukosa kuambiwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Waliona kwamba hata kidato cha nne, ni karibu mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa na kiwango ambacho mtu angeweza kuanza nacho kusoma masomo kwa lugha hiyo. Tangu wakati huo sera zimeandikwa upya na mjadala umeendelea, lakini mitihani ya sekondari bado iko kwa Kiingereza.

Sasa angalia nani anaumia zaidi. Mgeuko wa lugha unawapata wote, lakini mwenye mzazi aliyesoma ana mtu wa kumuuliza jioni. Asiye naye hana. Ndiyo maana watoto wawili waliokuwa wakipishana nafasi moja darasa la saba, wakiandika kwa Kiswahili, wanaachana mbali ndani ya miaka miwili. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2016, na hilo liliondoa kikwazo cha fedha kwa wengi. Kikwazo hiki cha pili hakikuguswa na kufutwa kwa ada.

Namna ya kutambua tatizo liko wapi

Mzazi anawezaje kujua kama mwanawe ameshindwa somo, au ameshindwa lugha na kanuni za somo? Hapa kuna dalili tatu za kuangalia, na hazihitaji mzazi ajue Kiingereza.

Ya kwanza ni wakati wa kuanguka. Kama mtoto alikuwa vizuri darasa la saba, kisha akashuka ghafla kidato cha kwanza katika masomo yote isipokuwa Kiswahili, ni vigumu kuamini kwamba akili imepotea kwenye likizo ya Desemba. Kilichobadilika ni lugha.

Ya pili ni Hisabati. Fungua daftari lake uangalie. Kama maswali ya namba tupu anayapata na maswali ya maelezo anayakosa, hesabu anaijua. Anachokosa ni kusoma swali.

Ya tatu ni kumwomba aeleze. Chukua swali alilokosa, mwambie akueleze kwa Kiswahili au kwa Kifipa maana yake na jibu lake. Akieleza vizuri, tatizo ni lugha ya karatasi. Akishindwa hata kwa lugha ya nyumbani, basi somo lenyewe halijamwingia, na hapo kumsukuma akariri Kiingereza hakutasaidia. Aanze na somo. Kipimo hiki cha tatu hakitoi jibu kamili, kwa sababu mtoto mwenye aibu anaweza kunyamaza mbele ya baba. Kifanyike kwa utulivu, zaidi ya mara moja, na wakati mwingine mbele ya bibi au dada badala ya baba.

Mkulima wetu alijaribu hayo baada ya sisi kuzungumza naye tena. Binti alimweleza swali la mboji hadi mwisho, akataja na tuta la bibi. Baba alituambia: "Alinifundisha mimi."

Mlango mwingine, kujua njia

Mtaji wa kiutamaduni hauishii darasani. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, TAMISEMI hufungua kwa muda maalumu mfumo wa mtandaoni wa Selform, ambapo mhitimu anaweza kubadilisha tahasusi au chuo alichochagua kabla ya matokeo. Mwanafunzi aliyechagua masomo ya sanaa akiwa na hofu, kisha akapata alama nzuri za sayansi, anaweza kuhamia Fizikia, Kemia na Baiolojia. Muda ukifungwa, amepoteza nafasi hiyo.

Nyumba ya mwalimu inajua tarehe hiyo kwa sababu inazungumzwa ofisini. Nyumba ya mkulima huisikia wiki moja baada ya kufungwa. Alama ni zilezile, lakini njia zinaachana. Mwanazuoni mwingine wa Ufaransa, Raymond Boudon, alisisitiza jambo hili mwaka 1973: hata watoto wenye alama sawa huachana kwa sababu familia zao zinafanya uamuzi tofauti, zikipima gharama, hasara na mambo wanayoyajua. Mzazi anayefikiria kumrudisha binti shambani kwa sababu ya mwaka mmoja wa kurudia yuko kwenye uamuzi wa namna hiyo. Nyumba ya mwalimu, kwa mtoto yuleyule na alama zilezile, karibu kila mara ingeamua arudie.

Mipaka ya nadharia hizi

Tusizibebeshe nadharia hizi mzigo usio wake. Hazielezi kila kitu. Mtoto anayetembea mwendo mrefu na tumbo tupu atashuka hata kama baba yake ni profesa. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia haina Fizikia, mtaji uwepo au usiwepo. Na wapo watoto wa wakulima wasiojua kusoma ambao wamefika mbali, na Bourdieu mwenyewe hakutoka nyumba ya wasomi. Nadharia inazungumzia uwezekano wa wengi. Hatima ya mtoto mmoja haiwezi kuitabiri.

Tena haisemi kwamba nyumba ya mkulima ni tupu. Binti aliyejua intumba alikuwa na elimu. Shule ndiyo haikuwa na namna ya kuipokea. Wala haisemi mwalimu amefanya kosa kuzungumza na mwanawe.

Inachosema ni kwamba kile kinachorithiwa kimyakimya katika nyumba chache kinaweza kufundishwa kwa sauti darasani. Mwalimu anayeandika ubaoni maneno mapya kumi kwa lugha mbili kabla ya somo, anayeeleza tofauti ya "taja" na "eleza" kwa kuonyesha jibu la alama moja na jibu la alama tatu, anawapa wote kile ambacho mtoto wake anakipata mezani. Mzazi naye anaweza kwenda shuleni na kuuliza mambo matatu kwa jina: mwanangu anakosa namba au maelezo? Maneno gani ya somo hili ayajue kabla ya muhula ujao? Ni lini Selform inafunguliwa? Mzazi mwenye maswali hayo husikilizwa tofauti na anayeuliza tu "anaendeleaje?", kwa sababu kujua la kuuliza nako ni mtaji.

Baba wa Mollo alitutumia ujumbe wiki iliyofuata. Binti anarudia kidato cha pili. Jirani mwalimu amekubali kumpa saa moja ya Kiingereza kila Jumamosi pamoja na mwanawe, na lile debe la mahindi limefutwa kwenye deni. Matokeo yake hatuyajui bado, upimaji ni mwishoni mwa mwaka.